Haisomi, Lakini Inahesabu

Hotuba kwa watunza kumbukumbu na mafundi wa kompyuta wa vituo vya afya, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, barua yenu ya mwaliko ilikuwa na swali moja tu, na mimi nitalijibu hilo hilo. Mmeuliza hivi: tukiyahamishia mafaili ya wagonjwa kwenye seva ya kukodi, iliyoko nje ya kisiwa, na tukayasimba kwa fiche kabla hayajaondoka hapa, je, tutaweza kuyatafuta bila ya yule mwenye seva kuyasoma? Jibu ni ndiyo, inawezekana, na imewezekana zamani. Mwaka 2000 Song, Wagner na Perrig, wote watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa njia ya kwanza ya kufaa: unaipa seva alama ya neno, seva inakurudishia nyaraka zenye neno hilo, na neno lenyewe hailijui. Tokea hapo njia zimetengenezwa upya na upya, zikawa nyepesi, na leo zinauzwa madukani kama bidhaa.

Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba haiwezekani. Nimekuja kwa swali la pili, ambalo muuzaji huwa halisemi mpaka aulizwe: baada ya seva kukutafutia, imebaki na nini mkononi?

Nianze na njia mbovu, maana ndiyo inayouzwa sana. Mtu anakwambia "safu ya ugonjwa imesimbwa na bado inatafutika." Ukichunguza unakuta amesimba kila neno kwa ufunguo ule ule, kwa namna isiyobadilika, hata neno "kisukari" likiandikwa mara mia linatoa maandishi fiche yale yale mara mia. Utafutaji hapo ni rahisi kabisa: unasimba neno lako, seva inalinganisha, basi. Na kuna kipimo ambacho fundi yeyote humu ndani anaweza kukifanya kesho asubuhi. Ingia kwenye hifadhidata kama anavyoiona mwenye seva, bila ya ufunguo, uandike:

```
SELECT ugonjwa, COUNT(*) FROM wagonjwa
GROUP BY ugonjwa ORDER BY COUNT(*) DESC;
```

Ikiwa kila mstari wa jibu unakuja na hesabu ya moja, hapo pana usalama kidogo. Ikiwa inakuja 214, halafu 131, halafu 47, basi mwenye seva hana haja ya ufunguo wako. Ana jedwali la mgawanyo wa magonjwa ya kituo chako, majina tu ndiyo hayajaandikwa juu yake. Al-Kindi aliandika kule Baghdad, katika karne ya tisa, kwamba maandishi ya siri hufumbuliwa kwa kuhesabu herufi zinazojirudia na kuzilinganisha na lugha ya kawaida. Hapa si herufi, ni magonjwa, lakini hesabu ni ile ile. Mwaka 2015 Naveed, Kamara na Wright waliijaribu kwa data halisi ya wagonjwa wa hospitali 200 za Marekani: safu zilizosimbwa kwa namna hii, kama vile jinsia ya mgonjwa na kiwango cha hatari ya kufa, walizifumbua kwa zaidi ya asilimia 60 ya rekodi katika zaidi ya asilimia 60 ya hospitali hizo. Hawakuvunja ufunguo wowote. Walihesabu.

Angalieni pia kwamba katika njia hii siri inatoka siku ya kwanza, kabla hujatafuta chochote. Mwizi aliyenakili diski usiku mmoja anayo yote.

Sasa njia nzuri. Nitaieleza polepole kwa sababu mkiielewa hii, mnajua cha kumuuliza muuzaji. Ni ile waliyoiandika Cash na wenzake mwaka 2014, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuichora ubaoni.

Kituo kinakuwa na ufunguo mmoja mkuu, tuuite `K`, na unakaa hapa Pemba, hautoki. Kila faili la mgonjwa linasimbwa peke yake na kupewa namba isiyo na maana, mathalan `0318`. Halafu tunatengeneza fahirisi. Kwa kila neno tunatoa funguo ndogo mbili kutoka kwenye ule mkuu, kisha kila faili lenye neno hilo linapata mstari wake:

```
K1 = HMAC(K, "1" || "kichocho")
K2 = HMAC(K, "2" || "kichocho")

HMAC(K1, 0)  ->  Enc(K2, "0318")
HMAC(K1, 1)  ->  Enc(K2, "0077")
HMAC(K1, 2)  ->  Enc(K2, "1140")
```

Upande wa kushoto ni lebo, upande wa kulia ni namba ya faili iliyosimbwa. Mistari ya magonjwa yote inachanganywa pamoja, inavurugwa, inapelekwa kwenye seva. HMAC ni mashine ya kusaga: ukiwa na ufunguo utapata lebo ile ile kila mara, na asiyekuwa nao haoni tafauti kati ya lebo na takataka za bahati nasibu.

Tuseme kituo chetu kina mafaili 1,200, na kila faili lina maneno manne ya kutafutika. Fahirisi ina mistari 4,800. Mwizi akinakili diski usiku ule, anachokijua ni kwamba kuna mistari 4,800. Hajui ni magonjwa mangapi, hajui lipi limejirudia, mistari miwili ya kichocho haifanani hata chembe. Nadhani hapo mnaona kwa nini watu wanaipenda.

Daktari akitaka wagonjwa wa kichocho, kompyuta ya hapa inatoa `K1` na `K2` za neno hilo na kuzipeleka kwenye seva. Hizo mbili ndizo tunaziita tokeni. Seva inasaga `HMAC(K1, 0)`, inatafuta lebo, inaipata, inasimbua namba kwa `K2`. Inakwenda 1, inakwenda 2, mpaka ifike mahali lebo haipo. Hapo inasimama, na inaturudishia mafaili. Neno "kichocho" halijaonekana na seva popote pale. Kazi iliyofanyika ni sawa na idadi ya majibu tu, hata fahirisi ingekuwa na mistari milioni kumi.

Nzuri. Basi seva imejua nini?

Imejua kwamba tokeni hii ina majibu 47. Imejua ni mafaili gani 47, kwa namba zake. Na kesho daktari akitafuta neno lile lile, tokeni ni ile ile, kwa hiyo inajua kwamba swali limerudi. Mchukuzi wa bandari ya Mkoani hafungui gunia, lakini akishalitia begani anajua kama ni karafuu au ni saruji. Wataalamu wa fani hii hawalifichi jambo hili. Curtmola na wenzake mwaka 2006 walisimamisha maana rasmi ya usalama wa aina hii, na ndani yake wameandika wazi kwamba mpangilio wa utafutaji na mpangilio wa majibu vinatoka. Uthibitisho wa kihesabu unasema *hakuna kinachotoka zaidi ya hivyo*. Muuzaji akichapisha kikaratasi, maneno "zaidi ya hivyo" hayaonekani tena.

Nataka tulikalie jambo hili kwa mfano. Nambari ni za kubuni, lakini ukubwa wake ni wa kituo cha kawaida. Kituo chetu kwenye mafaili yake 1,200 kina shinikizo la damu 214, kisukari 131, pumu 131, kichocho 47 na kifua kikuu 9. Na kama vituo vingi, kinatoa taarifa ya mwaka. Taarifa inapelekwa wilayani, nakala inabandikwa ubaoni pale mapokezi, na pengine mtu ameipiga picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Hakuna ubaya, taarifa haina jina la mtu.

Mwezi wa kwanza baada ya kuhamia kwenye seva, madaktari wanatafuta. Mwenye seva anaona tokeni tano zinazojirudia, na anaandika pembeni: hii 214, hii 131, hii nyingine 131, hii 47, hii 9. Anaiweka taarifa ya mwaka pembeni yake. Tokeni ya 214, ya 47 na ya 9 zimeshapata majina, hakuna lililofanana nazo. Zimebaki mbili za 131. Kwa hizo anatazama namba za mafaili: tokeni moja ina mafaili 96 yaliyomo pia kwenye ile ya shinikizo la damu, nyingine ina 12 tu. Daktari yeyote hapa atakwambia ipi ni kisukari. Imekwisha, magonjwa matano yote yana majina, na ufunguo `K` haujatoka Pemba.

Haya si ya kufikirika. Islam, Kuzu na Kantarcioglu mwaka 2012 walikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba kukutana kwa majibu namna hii kunafichua maneno, na waliifanya kwa barua pepe za kampuni ya Enron ambazo ziliwekwa hadharani. Mwaka 2015 Cash, Grubbs, Perry na Ristenpart wakaleta hii niliyoichora sasa hivi, inayoanza na hesabu ambazo hazina mwenziwe, kisha inatumia kukutana kwa majibu kumaliza zilizobaki.

Lakini niseme haki. Shambulio lao linamtaka adui awe na maarifa mengi kuhusu mafaili yenyewe, na ukimpa maarifa ya kukisia tu linadhoofika haraka. Watetezi wa bidhaa hizi wanalikamata hapo: nani atakuwa na maarifa hayo? Kwa kampuni yenye barua pepe milioni na msamiati wa maneno elfu kumi, hoja yao ina uzito. Maneno mengi yana hesabu za kukaribiana, moja 312 na jingine 313, ukikosea kidogo umepotea. Kwetu mambo ni kinyume. Safu ya ugonjwa ina maneno machache, na hesabu zake zimeachana mbali: 9, 47, 131, 214. Taarifa ikichelewa mwaka mzima na 9 ikawa 11, bado hakuna neno jingine karibu na hapo. Kwa hiyo udogo wa kituo, ambao watu wengi hudhani ni kinga, kwa shambulio hili ni udhaifu.

Kuna bwana hapa mbele ananitazama kama anayesema, "Sawa, amejua tokeni ni ya kifua kikuu. Lakini faili 0318 ni la nani? Hana jina." Ni swali la haki, na ndipo ukaaji wetu wa kisiwani unapoingia.

Faili la mgonjwa halifunguliwi ovyo, linafunguliwa siku aliyokuja. Tuseme kituo kinahudumia watu 40 kwa siku. Mtu mmoja, ambaye ana jamaa yake kwenye kampuni ya seva, anajua kwamba jirani yake alikwenda kituoni Jumatatu ile, kwa sababu walipanda gari moja. Anajua alikwenda tena baada ya wiki mbili. Kwenye seva kuna mafaili 40 yaliyofunguliwa siku ya kwanza na 40 siku ya pili. Kwa bahati tu, katika mafaili 1,200, yanayotokea siku zote mbili ni kama moja hivi ukiacha la jirani. Siku ya tatu akijua tena, kwa kawaida limebaki moja. Kwa wagonjwa wa kliniki ya kila mwezi, wanaokuja pamoja siku ile ile, inachukua siku zaidi, maana wanafichana. Lakini inafika. Na faili likishajulikana, ni kutazama tu kama limo kwenye lile fungu la tisa.

Mjini kwenye watu milioni tano nani anayejua jirani yake amekwenda hospitali siku gani? Hapa kwetu mtu akipita na bahasha ya rangi ya kaki, mtaa mzima unajua ametoka kupigwa picha ya kifua.

Sasa kuna shambulio jengine, na hili linanitisha zaidi kwa sababu halihitaji taarifa ya ubaoni. Mwaka 2016 Zhang, Katz na Papamanthou walionyesha kwamba kama adui anaweza kukuingizia nyaraka zake mwenyewe kwenye fahirisi yako, mchezo umekwisha. Mnaweza kusema, nani atamruhusu? Lakini fikirini: barua za rufaa zinazoingia kwa barua pepe na kuwekwa kwenye mfumo zenyewe, bila mtu kuzigusa. Hapo mlango uko wazi.

Chukueni magonjwa manane: kisukari, pumu, kichocho, malaria, kifafa, upungufu wa damu, kifua kikuu, shinikizo la damu. Adui anatuma barua tatu tu, kila moja imetaja magonjwa manne:

```
barua 1: kisukari, pumu, kichocho, malaria
barua 2: kisukari, pumu, kifafa, upungufu wa damu
barua 3: kisukari, kichocho, kifafa, kifua kikuu
```

Kwa kuwa anaona saa zilizoingia na ukubwa wake, anazijua barua zake kwenye seva. Kisha anakaa kimya. Siku daktari anapotafuta, anatazama barua zake zipi zimerudi kwenye majibu. Zikirudi ya 1 na ya 3 bila ya 2, neno ni kichocho, haliwezi kuwa jingine. Ikirudi ya 3 peke yake, ni kifua kikuu. Isiporudi hata moja, ni shinikizo la damu. Kila barua inagawa maneno nusu kwa nusu, kwa hiyo kwa msamiati wa maneno 10,000 zinatosha barua 14. Na hapa hakuna kukisia hata kidogo, wala udogo au ukubwa wa kituo haumhusu.

Dawa iliyopendekezwa inaitwa faragha ya mbele. Katika ile njia niliyoichora, tokeni ya zamani bado inafanya kazi kwa nyaraka mpya: seva iliyokwisha kupewa `K1` ya kichocho inaweza kuendelea kusaga 47, 48, 49, na siku likiingia faili jipya la kichocho inalijua papo hapo, kabla hujaliuliza. Faragha ya mbele inaikata hiyo, faili jipya halifunguki kwa tokeni ya jana. Bost aliitoa njia yake nyepesi mwaka huo huo wa 2016 na zimefuata nyingi. Muulizeni muuzaji kama bidhaa yake inayo, na asipolielewa swali, mmeshapata jibu. Lakini msiichukue kama kinga kamili. Inazuia adui asizifumbue tokeni za zamani kwa barua mpya. Barua zake zikishaingia na daktari akatafuta *baadaye*, zinarudi kwenye majibu kama kawaida, na anasoma. Kwa hiyo kinga halisi ya hili ni mtu: barua ya nje isiingie kwenye fahirisi mpaka mtunza kumbukumbu ameifungua na kuandika maneno yake kwa mkono.

Kuhusu hesabu, dawa inayotajwa sana ni kujazia. Unaongeza mistari ya uongo ili kila tokeni irudishe idadi ya duara, tuseme 16, 64, 256. Shinikizo la damu, kisukari na pumu zote zinakuwa 256, na hapo kweli zimefichana. Kichocho kinakuwa 64. Kifua kikuu kinakuwa 16, na bado kiko peke yake kwenye 16! Nimewahi kuona mfumo uliojaziwa kwa namna hii na wenyewe wamejipongeza. Kujazia hakusaidii neno lisilokuwa na mwenza kwenye fungu lake. Ukitaka kukificha kifua kikuu ndani ya 64, katika kila majibu 64 utakuwa unabeba 55 ya uongo, na lazima yawe namba za mafaili ambayo kweli yanavutwa, kwa sababu seva ikiona mafaili tisa yamevutwa na 55 yameachwa, umejificha kwa kidole. Na kujazia hakuondoi lile la mafaili yanayofunguliwa Jumatatu.

Iko njia inayoficha hata mafaili gani yameguswa, inaitwa ORAM, na Goldreich na Ostrovsky waliieleza kwa ukamilifu mwaka 1996. Kila ukisoma kitu kimoja unavuta vingi na kuvirudisha vimehamishwa mahala. Inafanya kazi. Kwa mtandao wetu wa simu, na daktari ana foleni mlangoni, sitaipendekeza.

Basi nini? Nitawaambia ninachokiamini, na mafundi mnipinge. Ile fahirisi ya mistari 4,800, kila lebo baiti 32 na kila thamani baiti 16, inafika kilobaiti 230. Picha mnazotumiana za harusi ni kubwa kuliko hiyo. Kwa kituo kimoja chenye mafaili 1,200, hamna sababu ya kuifanya seva itafute. Kaeni na fahirisi hapa, kwenye kompyuta ya kituo, mtafute hapa hapa, na nakala yake ipelekwe kwenye seva kama faili moja lililosimbwa lisilotafutika. Seva ibaki kuwa ghala. Kwa hatua moja tokeni zimekufa, hesabu zimekufa, barua za hila zimekufa. Linabaki la mafaili yanayofunguliwa kwa siku, na kwa hilo, kama faili moja ni kilobaiti mbili, mafaili yote 1,200 hayafiki megabaiti mbili na nusu: vuteni yote alfajiri kabla ya kufungua, mfanye kazi hapa, mrudishe usiku. Hatari mpya ni kompyuta yenyewe ya kituo, ikiibiwa bila ya diski yake kusimbwa mmepoteza kila kitu mara moja, kwa hiyo hilo lishughulikiwe kwanza.

Mambo yanabadilika pale vituo vyote vya wilaya vinapoungana, mafaili laki nne, mikono mingi, simu za wahudumu wa shehia. Hapo fahirisi haibebeki na utafutaji wa seva unakuwa na maana. Hapo nawaomba jambo moja kabla ya mkataba: safu zipi zitatafutika? Jina na namba ya mgonjwa zinarudisha faili moja moja, hesabu yake haisemi kitu. Ugonjwa ndio unaovuja. Wengi nikiwauliza "lini mara ya mwisho umetafuta wagonjwa wote wa kifua kikuu?" wanasema ni wakati wa kuandika taarifa tu. Basi taarifa iandikwe kwa fahirisi ya ofisini, na safu ya ugonjwa kwenye seva isimbwe tu, isitafutike.

Bibi mmoja pale nyuma aliinua mkono tokea mapema, nikamwomba asubiri. Karibu, mama.

(Aliuliza: kituo chao kimeshatia saini, mfumo unatumika, na muuzaji anasema wanatumia bidhaa ya kampuni kubwa ya nje, haiwezekani ikawa na kasoro. Wafanye nini sasa?)

Mama, ukubwa wa kampuni hauniambii kitu. MongoDB ni kampuni kubwa na waliajiri wataalamu wa kweli wa fani hii kutengeneza utafutaji wao wa fiche. Mwaka 2023 Gui, Paterson na Tang waliuchunguza, wakakuta kwamba daftari la matukio ambalo hifadhidata inajiandikia yenyewe, hizi tunazoziita logi, linabaki na alama za kutosha kumsaidia mwenye nakala ya diski kufumbua data. Fahirisi ilikuwa imepangwa vizuri. Kilichovuja ni daftari lililokaa pembeni yake.

Kwa hiyo anza na hilo. Mwandikie muuzaji umuulize logi za seva zinahifadhi nini, kwa siku ngapi, na nani anayezisoma. Mwambie akuonyeshe kwenye skrini, si kwa barua. Pili, mwombe fundi wako akimbize ile `GROUP BY` niliyoionyesha mwanzo. Ikitoka na hesabu kubwa kubwa, zima utafutaji wa safu hiyo leo hii, usingoje mkataba uishe. Tatu, fahirisi itengenezwe upya kwa ufunguo mpya na namba mpya za mafaili, zilizovurugwa upya, ili aliyekwisha kuandika pembeni "tokeni hii ni kifua kikuu" abaki na karatasi isiyolingana na kitu. Lakini ifanyeni baada ya kuondoa safu ya ugonjwa kwenye utafutaji, si kabla. Mkiiacha safu ile, ufunguo mpya utampa tokeni mpya yenye majibu yale yale tisa, na atakuwa ameijua kabla ya wiki kwisha.

Na ile taarifa iliyoko ubaoni, mama, hesabu zilizo chini ya kumi ziandikwe "chini ya 10".